Spredi Ndogo na Kamisheni Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaouza spredi ndogo za opsheni kwenye soko la Marekani na kushangaa kwa nini salio la akaunti halifanani na faida wanayoiona kwenye skrini. Mimi nafanya biashara hii nikiwa Mombasa. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu (saa kumi na moja na nusu kipindi chao cha baridi), kwa hiyo hesabu zote hizi nimezipiga usiku, mezani, kikombe cha chai kikiwa kimepoa.

Spredi ya krediti ni nini, kwa kifupi?

Unauza opsheni moja na papo hapo unanunua nyingine iliyo mbali zaidi na bei ya soko, zote za tarehe moja. Ile uliyouza ina bei kubwa kuliko uliyonunua, kwa hiyo tofauti inaingia kwako. Tofauti hiyo ndiyo krediti. Opsheni uliyonunua ni kinga: inaweka ukomo wa hasara.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni huu. SPY, ule mfuko unaofuata faharasa ya S&P 500, uko $600. Unauza puti ya $580, yaani opsheni inayompa mnunuzi haki ya kukuuzia kwa bei hiyo, na kununua puti ya $579. Unapokea senti 16 kwa kila hisa. Mkataba mmoja ni hisa 100, hivyo krediti yako ni $16. Upana wa spredi ni $1, yaani $100 kwa mkataba, kwa hiyo hasara kubwa kabisa ni $100 kutoa $16, yaani $84. SPY ikimaliza juu ya $580, zile $16 zinabaki zako. Ikimaliza chini ya $579, unapoteza $84. Bei hizi nimezipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, lakini ni za aina utakayoikuta.

Dalali anakata nini hasa kwa kila mkataba?

Kuna kamisheni ya dalali mwenyewe, halafu kuna tozo za wengine anazozipitisha kwako.

Kamisheni iliyozoeleka kwa madalali wakubwa kama Charles Schwab na Fidelity ni senti 65 kwa kila mkataba. Neno la kushika hapo ni "kila". Spredi moja ina miguu miwili, na kila mguu ni mkataba wake. Ukifungua spredi moja umelipa mara mbili. Ukiifunga kabla ya muda wake kuisha, umelipa mara nne.

Tozo za nje ni ndogo ndogo. OCC, taasisi inayokamilisha na kudhamini mikataba yote ya opsheni za hisa Marekani, huchukua senti mbili au tatu. Masoko ya opsheni nayo yana tozo ya usimamizi ya senti kadhaa. FINRA, chombo kinachosimamia madalali, huchukua sehemu ya senti unapouza. SEC, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko, pia ina tozo ya upande wa kuuza. Mei 2025 ilishushwa hadi sifuri, lakini kiwango hicho hupangwa upya mara kwa mara, kwa hiyo usikizoee. Kwa pamoja mimi huzihesabu kuwa senti 5 kwa mkataba na sipotei mbali.

Basi senti 65 na senti 5 ni senti 70. Kufungua spredi moja ni $1.40. Kufungua na kufunga ni $2.80. Tafadhali ishike hiyo $2.80, ndiyo mhusika mkuu wa ukurasa huu.

Nimepokea $16. Kweli changu ni kiasi gani?

Inategemea unatoka vipi.

Ukiiacha mpaka muda uishe na SPY ikabaki juu ya $580, opsheni zote mbili zinakufa bila thamani na hulipi chochote cha kufunga. Umelipa $1.40 tu ya kufungua. Faida halisi ni $14.60. Gharama imekula karibu asilimia 9 ya krediti. Inauma kidogo, lakini unaishi.

Wengi wetu hata hivyo hatusubiri. Kuna desturi ya kufunga nusu ya faida ikishapatikana, na ina sababu zake nzuri. Basi spredi uliyoiuza kwa senti 16 unainunua tena kwa senti 8. Skrini inaonyesha faida ya $8. Toa $2.80. Umebaki na $5.20. Sasa gharama imekula asilimia 35 ya faida yako, zaidi ya theluthi.

Ni kama muuza mchicha anayelipa nauli kwa kila fungu, kwenda na kurudi, hata lile fungu liwe dogo namna gani. Nauli haipungui kwa sababu fungu limepungua. Senti 65 ni ile ile ukiuza opsheni ya senti 16 au ya dola 6.

Lakini $5.20 bado ni faida. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba gharama hukupiga pande zote mbili. Inapunguza ushindi na inaongeza hasara. Watu wengi huitoa kwenye ushindi pekee, wakadhani wamemaliza hesabu.

Tuseme kanuni yako ni hii: ukipata nusu ya krediti unafunga, na hasara ikifika mara mbili ya krediti unafunga pia. Ushindi ni $8. Hasara ni $32, kwa sababu unanunua tena kwa senti 48 kitu ulichouza kwa senti 16. Kabla ya gharama, unahitaji kushinda mara ngapi katika mia ili usipate wala usipoteze? Gawa hasara kwa jumla ya ushindi na hasara: 32 kwa 40, yaani asilimia 80.

Sasa weka gharama. Ushindi unakuwa $5.20, hasara inakuwa $34.80. Jumla yao bado ni $40. Gawa 34.80 kwa 40, unapata asilimia 87.

Hebu itazame tena. Mkakati uliohitaji ushindi 80 katika 100 sasa unahitaji 87. Hakuna kilichobadilika sokoni. Ni $2.80 tu. Na anayeuza spredi za namna hii hana pointi saba za kuchezea. Ubora wake dhidi ya soko, kama upo, mara nyingi ni pointi mbili tatu.

Fomula yake, kwa anayetaka kuiweka kwenye simu:

```
ushindi_unaohitajika = (hasara + gharama) / (faida + hasara)
pointi_zilizoongezeka = gharama / (faida + hasara)
```

Mstari wa pili ndio ninaoutumia zaidi. Unakuambia moja kwa moja gharama imekuongezea mzigo kiasi gani: 2.80 kwa 40 ni asilimia 7. Na kama hufungi mapema bali unaacha spredi ya $1 ifike mwisho, faida na hasara zikijumlishwa daima ni $100, kwa hiyo kila dola moja ya gharama ni pointi moja ya asilimia. Kwa $1.40 unatoka asilimia 84 kwenda 85.4. Ona tofauti: spredi ile ile, dalali yule yule, lakini namna ya kutoka imebadilisha uzito wa gharama mara tano.

Unaweza kuonyesha mwezi mzima?

Naweza, kwa sababu mwezi huo ulinitokea mimi. Nilifanya biashara 40 za kanuni ile ile. Nilishinda 34 na kupoteza 6, yaani asilimia 85. Nilikuwa najisikia fundi.

Ushindi 34 mara $8 ni $272. Hasara 6 mara $32 ni $192. Skrini ya dalali wangu wa wakati ule ilionyesha faida ya $80 kwa herufi za kijani. Nikaenda kwenye salio: limepungua. Nikadhani kuna muamala umepotea, nikapitia taarifa ya mwezi mstari kwa mstari hadi saa nane usiku. Hakuna kilichopotea. Biashara 40 mara $2.80 ni $112. Themanini kutoa mia na kumi na mbili ni hasara ya $32. Ile safu ya kijani ilikuwa inahesabu bei za opsheni tu, kamisheni zikiwa kwenye ukurasa mwingine kabisa ambao sikuwahi kuufungua.

Ukiwa huamini kwamba mtu anaweza kushinda mara 34 kati ya 40 na bado akapoteza pesa, rudi kwenye swali lililotangulia: alihitaji asilimia 87, amepata 85.

Kamisheni ndiyo gharama yote?

Hapana, na hapa ndipo penye donda. Kuna pengo la bei.

Ukiangalia spredi yetu kwenye skrini hutaona senti 16 imeandikwa mahali. Utaona wanunuzi wanatoa senti 14 na wauzaji wanataka senti 18. Senti 16 ni katikati, bei ya kufikirika. Ukibonyeza uza kwa bei ya soko utapata senti 14. Ukiweka oda ya limiti kwenye senti 16 na kusubiri, pengine utaipata, pengine soko litakuacha.

Tuseme unakubali kupoteza senti moja tu unapoingia na senti moja unapotoka. Umeuza kwa 15, umenunua tena kwa 9. Senti moja kwa hisa ni $1 kwa mkataba, kwa hiyo umepoteza $2 nyingine juu ya $2.80. Gharama yako sasa ni $4.80, ushindi wako ni $3.20, hasara $36.80, na kiwango unachohitaji ni asilimia 92.

Ukibonyeza kwa bei ya soko pande zote mbili, umeuza kwa 14 na kununua kwa 10. Ghafi ni $4, halisi ni $1.20. Umebeba hatari ya makumi ya dola ili upate bei ya maandazi.

SPY ni mahali pazuri kuliko pengi, maana bei zake huenda kwa senti moja moja na mapengo ni membamba. Kwenye hisa zisizo na wafanyabiashara wengi, opsheni za chini ya $3 huenda kwa hatua za senti 5. Huko spredi ya senti 16 haiuziki kwa maana yoyote ya kibiashara; hatua moja ya bei ni karibu theluthi ya krediti yote. Nikiona pengo la spredi ni zaidi ya robo ya krediti, naachana nayo bila kuuliza chati inasemaje.

Kwa hiyo nifungue spredi pana badala ya nyingi nyembamba?

Mara nyingi ndiyo, ila si biashara ile ile, na ni vizuri kujua unabadilisha nini.

Linganisha. Upande mmoja una spredi tano za 580/579, kila moja $16: krediti $80, hasara ya juu $420. Upande wa pili una spredi moja ya 580/575 kwa senti 76: krediti $76, hasara ya juu $424. Hatari ni kama sawa. Krediti ya ile pana ni ndogo kidogo kwa sababu kila dola ya upana iliyo mbali zaidi na soko hulipwa pungufu kuliko ile ya karibu.

Tano nyembamba ni mikataba 10 kuingia na 10 kutoka: $14. Moja pana ni mikataba 2 kuingia na 2 kutoka: $2.80. Ukifunga kwenye nusu ya krediti, nyembamba zinakupa $40 kutoa $14, yaani $26. Pana inakupa $38 kutoa $2.80, yaani $35.20. Soko lilikulipa zaidi kwa zile nyembamba, na bado umeondoka na kidogo.

Ukiziacha ziishe mambo yanakaribiana sana: $80 kutoa $7 ni $73, na $76 kutoa $1.40 ni $74.60. Ndiyo maana nasema swali la upana haliachani na swali la kutoka.

Tofauti ya pili ni umbo la hasara. Zile tano zinafika hasara kamili SPY ikimaliza kwenye $579 siku ya mwisho. Ile pana inafika huko kwenye $575 tu. Kati ya hapo inapoteza kidogo kidogo. SPY ikimaliza $578, nyembamba zimekwisha zote, pana imepoteza $124 kabla ya gharama. Binafsi napenda umbo hilo, hata kama kamisheni zingekuwa sawa.

Niiache iishe yenyewe ili kuokoa ada ya kufunga?

Hapa ubahili unaweza kukuponza. Tuseme ni siku ya mwisho, spredi inauzwa kwa senti 3. Kuinunua ni $3 na $1.40 ya gharama, jumla $4.40. Ukiifunga umenunua amani. Ukiiacha umeokoa $4.40 lakini bado uko wazi kwa hasara ya karibu $100 kuanzia hapo. Kwa hesabu ya haraka, kufunga kunalipa kama uwezekano wa hasara kamili ni zaidi ya asilimia 4 na ushei. SPY ikiwa $600 saa moja kabla ya kufungwa, iache. Ikiwa $582, funga na usijadiliane na nafsi yako.

Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaijui: nunua tena mguu uliouza tu, ule wa $580, na uache ule wa kinga ufe wenyewe. Unalipa mkataba mmoja badala ya miwili, senti 70 badala ya $1.40. Baadhi ya madalali hata hawatozi kamisheni ukinunua tena opsheni uliyouza ikiwa imeshuka hadi senti 5 au chini. Soma ukurasa wa ada wa dalali wako utafute kifungu hicho.

Hatari unayoikimbia ni hii. Opsheni za SPY hulipwa kwa hisa zenyewe. Opsheni iliyo ndani, yaani ambayo kuitekeleza kuna faida, hata kwa senti moja, hutekelezwa yenyewe na OCC kwa kawaida. SPY ikifunga Ijumaa kwenye $579.50, puti uliyouza ya $580 inatekelezwa na puti yako ya $579 inakufa. Jumatatu unaamka una hisa 100 ulizonunua kwa $58,000, kwenye akaunti ya dola elfu moja au mbili. Dalali ataziuza kwa bei atakayoikuta, na baadhi yao hutoza ada ya kukabidhiwa hisa juu yake. Wengine hawasubiri: wanakufungia nafasi kwa nguvu mchana ule ule, na bei wanayokufungia haikuulizi wewe.

Si kuna madalali wasiotoza kamisheni kabisa?

Wapo. Robinhood haitozi kamisheni kwa opsheni za hisa na mifuko. Tozo za nje bado utalipa, zile senti chache, lakini $2.80 inakuwa kama senti 20.

Sasa anakula nini? Hupokea malipo kutoka kwa kampuni kubwa zinazotekeleza oda za wateja. Hilo si siri, wanalitangaza kama sheria inavyotaka. Swali lako wewe ni moja tu: unapata bei gani? Senti moja mbaya zaidi kuingia na senti moja kutoka ni $2, na hapo umeshairudisha sehemu kubwa ya ulichookoa. Weka oda ya limiti kwenye bei ya kati, hesabu ni mara ngapi inakubaliwa ndani ya dakika chache, kisha linganisha. Usiamini maneno yangu wala matangazo yao.

Halafu angalia mpangilio wa ada dhidi ya tabia yako. Tastytrade hutoza $1 kwa mkataba wa kufungua na haitozi kamisheni ya kufunga. Kwa anayefunga mapema, spredi yetu inamgharimu $2 na tozo senti 20, jumla $2.20, nafuu kuliko $2.80. Kwa anayeacha iishe inamgharimu $2.10 badala ya $1.40. Dalali yule yule ni rahisi kwa mmoja na ghali kwa mwingine, tofauti ikiwa ni nani anasubiri.

Na aironi kondo?

Ni spredi mbili, ya puti chini na ya koli, yaani opsheni ya haki ya kununua, juu, kwa hiyo miguu minne na $5.60 kuingia na kutoka. Krediti nayo inakaribia mara mbili, na hatari haizidi kwa sababu soko haliwezi kumaliza pande zote mbili. Tumia fomula ile ile. Kinachowaangusha watu ni marekebisho: kila "kusogeza mguu" ni kufunga kimoja na kufungua kingine, na mwisho wa wiki kondo moja imekula mikataba 14.

SPX au XSP inasaidia?

Hizi ni opsheni za faharasa yenyewe, si za mfuko. Hulipwa kwa fedha taslimu na haziwezi kutekelezwa kabla ya siku yake, kwa hiyo ile hadithi ya kuamka na hisa za $58,000 haipo. SPX ni kubwa mara kumi ya SPY, basi mkataba mmoja hufanya kazi ya kumi. Kamisheni kwa kila dola ya hatari inashuka sana hata ingawa soko la Cboe linatoza ada yake ya ziada kwa SPX. Lakini upana mdogo kabisa utakaoupata kwa kawaida ni pointi 5, yaani $500. XSP ni ukubwa wa SPY. Pengo lake la bei huwa pana kuliko la SPY, liangalie kabla hujafurahia.

Nawekaje rekodi ili nisidanganyike?

Fungua lahajedwali moja. Safu B ni krediti uliyopokea kwa hisa, C ni bei ya kufungia (sifuri kama imeisha yenyewe), D ni idadi ya spredi, E ni gharama zote kama zilivyo kwenye uthibitisho wa muamala. Faida halisi ni:

```
=(B2-C2)*100*D2-E2
```

Safu E usiikadirie. Ichukue kwenye uthibitisho, ambako dalali huandika `Commission` na `Fees` kando kando. Ongeza safu F: bei ya kati uliyoiona ulipotuma oda. Tofauti ya F na B ndiyo pengo la bei ulilolipa, na baada ya biashara 20 utajua lako ni senti ngapi kwa wastani.

Kisha jaribio la mwisho wa mwezi, ambalo haliwezi kudanganywa ukiwa huna nafasi yoyote iliyo wazi: salio la mwisho, toa salio la mwanzo, toa ulizoweka, ongeza ulizotoa. Lazima lifanane na jumla ya safu ya faida halisi, ukiweka kando riba na ada za kila mwezi kama za data za soko. Lisipofanana, kuna gharama hujaiandika.

Ada za benki za kutuma na kurudisha dola usizigawe kwa kila spredi. Ziandike mstari wake wa mwaka. Kama kutuma $1,000 kunakukata $30, umeanza mwaka ukiwa nyuma kwa spredi sita za ushindi wa $5.20.

Akaunti yangu ina $500. Krediti ya chini kabisa nikubali ngapi?

Kipimo changu ni kwamba gharama isizidi sehemu ya kumi ya faida ninayoilenga. Ukilipa $2.80 na unafunga kwenye nusu, unahitaji kulenga $28, yaani krediti ya senti 56. Kwenye spredi ya upana wa $1, senti 56 ina maana umekaa pale pale kwenye bei ya soko, na hiyo si biashara uliyokusudia. Kwenye upana wa $5 inapatikana, lakini hatari yake ni $444, akaunti yako karibu yote kwa tendo moja. Hapo katikati hakuna mlango.

Kwa hiyo kwa $500 mimi ningefanya moja kati ya mawili. Kuuza spredi moja ya $1 kwenye SPY, krediti isiyopungua senti 16, kuiacha iishe isipokuwa SPY imekaribia $580, na kwenye siku ya mwisho kununua ule mguu mmoja tu. Gharama inakaa $1.40 au $2.10 na senti za opsheni yenyewe. Au kutofungua kitu, na kuendelea kuongeza akaunti mpaka upana wa $3 usiwe zaidi ya sehemu ndogo ya fedha yote. Miezi mitatu nilichagua la pili, nikiandika biashara za karatasi zenye safu E iliyojazwa kama za kweli. Katika biashara 52 nilizozifikiria, 19 nilizikataa kabla ya kuziandika, zote kwa sababu ya pengo la bei.